Barua ya wazi kwa uongozi wa kliniki yetu: foleni inaweza kupimwa bila kufungua faili la mtu

Kwa Mkurugenzi, Mganga Mfawidhi na Msimamizi wa Mapokezi,

Habari za kazi.

Tunawaandikia kuhusu mambo mawili tu: muda ambao mtu anakaa kwenye mabenchi yenu tangu anapochukua namba mpaka anapoondoka na dawa zake, na namna anavyoelezwa kinachoendelea akiwa hapo. Hatuandiki kuhusu matibabu. Mwenye lalamiko la matibabu anapaswa kuja ofisini kwa Mganga Mfawidhi na karatasi zake, mlango ukiwa umefungwa. Katika barua hii hatutaji jina la kliniki, wala idara, wala tarehe, wala daktari. Tumefanya hivyo kwa makusudi, na sababu tutaieleza mbele kidogo.

Sisi ni wateja wenu wa hapa Dar es Salaam. Miongoni mwetu wapo waliofanya kazi kwa miaka dirishani mapokezi, kwenye chumba cha kumbukumbu na maabara katika vituo vingine. Tunajua foleni inavyoonekana kutoka pande zote mbili za kioo, na tunajua kwamba wahudumu wenu wa mapokezi ndio wanaotukanwa kila asubuhi kwa ajili ya ratiba ambayo hawakuipanga wao.

Tuanze na jibu ambalo uongozi wa kliniki hutoa mara nyingi: "Mfumo wetu unaonyesha wagonjwa hawakai sana." Hatusemi mfumo unadanganya. Tunasema unaanza kuhesabu umechelewa na unaacha kuhesabu ovyo. Saa ya kompyuta inaanza pale karani anapofungua ziara mpya kwenye faili. Kabla ya hapo mtu ameshachukua namba, amesubiri dirisha, ametoa kadi ya bima, na pengine ameambiwa akae pembeni kwa sababu mtandao wa bima unasumbua. Muda wote huo haupo popote kwenye ripoti yenu. Upande wa pili, madaktari wengi hufungua ukurasa wa mgonjwa ili wausome kabla ya kumwita, kwa hiyo mfumo unaandika kwamba mgonjwa ameshaingia wakati bado yuko kwenye benchi. Na wapo wanaofunga kurasa zote kwa mkupuo mwisho wa zamu. Dalili yake ni rahisi kuiona: toeni orodha ya saa za kutoka za siku moja. Mkikuta watu wengi "wametoka" ndani ya dakika chache kuelekea mwisho wa zamu, jueni hizo ni saa za daktari kufunga kompyuta, si za wagonjwa kutoka chumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kingine ambacho hakigusi mfumo wala faili. Namba mnazotoa pale mlangoni ziwe tikiti zenye nafasi nne za kuandika saa: kufika, kuingia kwa daktari mara ya kwanza, kuitwa kwa ajili ya majibu, kuondoka. Mlinzi anayetoa tikiti anaandika saa ya kwanza. Nesi anayeita watu anaandika ya pili na ya tatu. Dirisha la dawa linaandika ya mwisho na kuibakiza tikiti kwenye boksi. Asiyekwenda dirisha la dawa aiache tikiti kwa mlinzi anapotoka, naye aandike saa. Kwenye tikiti pasiwe na jina, namba ya faili, namba ya simu wala idara. Tikiti ikidondoka sakafuni na kuokotwa na jirani yake mtu, isimwambie jirani huyo kitu chochote. Saa haihitaji kujua mtu anaumwa nini.

Tikiti hizo zina faida ya pili. Ukichukua idadi ya tikiti zilizotolewa, ukatoa zilizorudi kwenye boksi, unapata watu ambao bado wamo ndani. Msihesabu vichwa kwenye mabenchi, kwa sababu utahesabu na wasindikizaji, na utawakosa waliotoka kwenda kunywa chai wakisubiri majibu ya maabara. Sasa tuseme saa 4 asubuhi tikiti 18 hazijarudi, na kwa asubuhi ile wanaondoka watu 6 kila saa. Gawanya 18 kwa 6: kwa wastani mtu anakaa kwenu muda wa saa 3. Kanuni hiyo ilithibitishwa kihesabu na John Little mwaka 1961 na inatumika viwandani, benki na hospitalini. Ina mpaka wake: inafaa pale ambapo wanaoingia na wanaotoka wanakaribiana kwa idadi. Saa ya kwanza ya kufungua, watu wanaingia na hakuna anayetoka, na jibu litakuwa la uongo. Itumieni kuanzia katikati ya asubuhi.

Mwisho wa wiki, mkiwa na tikiti za kutosha, msikimbilie wastani. Asubuhi moja ikiwa na watu wengi waliokuja kuchukua dawa tu na kuondoka haraka, wastani unashuka na kuwaficha waliokaa mpaka mchana. Zipangeni tikiti kuanzia aliyekaa muda mfupi hadi aliyekaa muda mrefu. Kama ziko 40, tazameni ya 20, ambayo inawaambia mtu wa katikati alikaa muda gani, kisha tazameni ya 36. Hiyo ya 36 ndiyo inayosimuliwa mitaani. Watu wanne tu walikaa zaidi ya yeye, lakini yeye na hao wanne ndio hawarudi. Mkishanakili saa zote, tikiti zichanwe.

Sasa tuje kwenye chanzo chenyewe, kwa sababu kupima bila kujua kwa nini ni kazi bure. Watu wengi wanadhani foleni ndefu inatokana na daktari kuchelewa. Kuchelewa kupo na kunaumiza, lakini mara nyingi si ndiyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba kliniki inapanga ratiba kana kwamba kila mgonjwa anaingia kwa daktari mara moja, wakati wengi wanaingia mara mbili: mara ya kwanza kusikilizwa na kupimwa, mara ya pili kurudi na majibu ya maabara. Mzunguko huo wa pili haupo kwenye ratiba, haupo kwenye ubao, na mtu aliye kwenye benchi haujui. Anachoona yeye ni watu waliokuja nyuma yake wakiingia mbele yake.

Tuchukue asubuhi moja ya mfano. Daktari mmoja, kuanzia saa 2 hadi saa 6, yaani dakika 240. Kila mgonjwa mpya anachukua dakika 15, kwa hiyo mapokezi yanaandikisha watu 16, na hesabu inaonekana imekaa sawa. Lakini tuseme nusu yao wanatumwa maabara, na kila anayerudi na majibu anachukua dakika 5. Hao ni watu 8, dakika 40 zaidi. Kazi sasa ni dakika 280 ndani ya dakika 240. Hata daktari akianza saa 2 kamili, asipumzike, asipokee simu, atamaliza saa 6:40. Akianza saa 2:30, kama inavyotokea, atamaliza saa 7:10 mchana. Hakuna mzembe yeyote katika hesabu hiyo. Watu waliandikishwa zaidi ya muda uliopo.

Kisha wote 16 wameambiwa "njoo saa 2". Mtu wa 16 atangojea wagonjwa wapya 15 mbele yake, ambao ni dakika 225, pamoja na saba au wanane wanaorudi na majibu, ambao ni kama dakika 35 hadi 40. Daktari akiwa amechelewa nusu saa, mtu huyo anaingia karibu na saa 7 kasoro. Amekaa muda wa saa 4 na dakika 50 kabla ya kuonana na daktari kwa mara ya kwanza, na kama naye atatumwa maabara, bado safari iko nusu. Hapo ndipo mapokezi wanapoulizwa kwa hasira, nao wanajibu "subiri kidogo" kwa sababu hawana jibu jingine.

Ratiba ya kweli inaanza kwa kuhesabu mizunguko yote miwili. Dakika 15 za mwanzo, ukiongeza dakika 5 kwa nusu ya watu, ni dakika 17 na nusu kwa kila anayeandikishwa. Dakika 240 zinatosha watu 13, si 16. Watatu waliobaki wapangiwe mchana au daktari mwingine, waambiwe hivyo siku wanapopiga simu na si wakiwa wameshakaa. Tunajua watatu hao ni mapato, na tunajua mhasibu atauliza. Lakini hata sasa hamuwahudumii ndani ya asubuhi; mnawahudumia mchana, baada ya kuwaweka kwenye benchi tangu saa 2.

Hao 13 wapewe saa tofauti. Mtakwimu Norman Bailey alichunguza foleni za wagonjwa wa nje Uingereza na kuandika mwaka 1952 kwamba njia inayofaa ni kuwaita wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kwa nafasi inayolingana na muda wa kumhudumia mtu. Wawili wa mwanzo ni kwa ajili ya kuhakikisha daktari hakai bure iwapo wa kwanza atakwama kwenye foleni ya magari au kwenye bima. Kwa mfano wetu: wawili saa 2, anayefuata saa 2:20, mwingine saa 2:40, na kuendelea kila dakika 20 mpaka wa mwisho saa 5:40. Nafasi ya dakika 20 kwa kazi ya dakika 17 na nusu inaacha upenyo mdogo kila mara, na upenyo huo ndio unaoipokea dharura moja inayoingia bila kupangwa. Upenyo ukiondolewa ili kujaza mtu mmoja zaidi, foleni haitarefuka kwa mtu mmoja tu. Kila aliye nyuma yake atachelewa zaidi.

Linabaki tatizo la wa mwisho: aliyeingia saa 5:40 akitumwa maabara, majibu yake hayatatoka kabla ya saa 6. Hapa mnahitaji wenzetu wa maabara wasikilizwe. Kuna vipimo ambavyo haviwezi kuharakishwa kwa kelele. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji kama dakika 15 hadi 20 kabla ya kusomwa. Damu inayotakiwa kutoa majimaji ya juu inapaswa iachwe igande kwa kama nusu saa, kisha izungushwe kwenye mashine kama dakika 10, ndipo kipimo chenyewe kianze. Kwa hiyo mapokezi wakimwambia mtu "dakika ishirini tu" kwa kipimo cha namna hiyo, wamemwahidi kitu ambacho mtaalamu wa maabara hawezi kukitimiza hata akiwa peke yake na sampuli moja. Na sampuli ikiharibika, seli zikapasuka wakati wa kuchota, damu inachotwa upya na saa inaanza upya. Kuotesha vimelea ni suala la siku, si saa, na mtu wa namna hiyo hapaswi kuketishwa kabisa. Aambiwe aende nyumbani.

Suluhisho la sehemu hii lina pande mbili. Wanaorudi kwa ufuatiliaji, ambao daktari ameshajua tangu ziara iliyopita atawaagizia kipimo gani, watoe damu kabla ya kumwona daktari. Mtu wa saa 3:40 akitoa damu saa 2:15, anaingia mara moja tu akiwa na majibu tayari, na mzunguko wake wa pili unafutika. Wanaobaki, yaani wageni ambao hakuna ajuaye kama watahitaji maabara, wasiwekwe saa za mwisho za zamu. Kazi hii inafanywa na daktari na karani wakati wa kupanga tarehe ya kurudi, kwa karatasi moja ndani ya chumba, si kwa kutangaziana dirishani.

Hapo tunafika kwenye mawasiliano, na ndipo mnapoweza kubadilisha mengi bila kununua chochote.

Kwanza, ubao. Andikeni kwa kalamu ya ubao mambo matatu na myabadilishe kila nusu saa: daktari ameanza saa ngapi, namba iliyo ndani sasa, na wanaosubiri kurudi na majibu ni wangapi. Hilo la tatu ndilo linalozima ugomvi. Mtu akiona "wanaorudi na majibu: 5" anaelewa kwa nini namba 12 ameingia tena kabla yake mwenye 17. Mkiweza, tikiti za wanaorudi ziwe na rangi nyingine, na kanuni iandikwe ubaoni: baada ya kila wageni wawili anaingia mmoja wa majibu. Kanuni ikiwa wazi hakuna atakayehisi amerukwa. Dharura iandikwe hivyo hivyo, "dharura", bila maelezo.

Pili, maneno ya mapokezi. "Subiri kidogo" iondoke. Mhudumu aseme anachokijua na lini atarudi na habari: "Daktari hajafika. Nitawaambia tena saa 3 kasorobo, hata kama hakuna jipya." Kisha saa 3 kasorobo asimame aseme. Mtu anayejua kwamba atapata habari kwa saa fulani anaweza kwenda kununua maji, kupiga simu kazini, kumlisha mtoto. Asiyejua anabaki ameganda kwenye benchi, akihofia ataitwa akiwa chooni.

Tatu, bima. Anayesubiri kibali cha bima aambiwe hivyo, na aambiwe wakati huohuo kwamba namba yake ya daktari haipotei. Mara nyingi anayekwama kwenye bima anaachwa pembeni, wa taslimu wanapita, naye akimaliza anarudishwa nyuma ya foleni. Tikiti yenye saa ya kufika inaondoa ubishi huo. Anayepiga simu kuomba nafasi aulizwe siku hiyohiyo anatumia bima gani na kama kadi bado ni hai, maana kadi iliyoisha inagunduliwa dirishani asubuhi, palepale ambapo kila dakika ni ghali.

Nne, na hapa tunaomba msome taratibu, ni usiri wa maneno yenyewe. Pale dirishani mtu anaulizwa "unasumbuliwa na nini?" mbele ya watu sita walio nyuma yake. Karani hahitaji jibu hilo ili kufungua ziara. Anahitaji kujua kama ni mara ya kwanza au ni kurudi, na kama kuna hali ya dharura. Kama analazimika kujua anakwenda kwa daktari gani, ampe mteja karatasi yenye orodha aonyeshe kwa kidole. Kuita watu kuwe kwa namba na chumba: "Namba 17, chumba cha 3." Jina kamili pamoja na aina ya kliniki, vikitamkwa kwa sauti ukumbini, ni taarifa ya afya imetangazwa.

Ujumbe wa simu nao uangaliwe. Simu nyingi nyumbani kwetu zinashikwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe unaonekana kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Ujumbe unaosema "majibu yako ya kipimo fulani yako tayari, njoo na mwenzi wako" umeshasema kila kitu. Tunapendekeza huu: "Habari. Mwenye namba 17, unaweza kurudi kuanzia saa 5:30. Kwa swali piga namba uliyopewa." Hakuna jina, hakuna kipimo, na kama jina la kliniki yenyewe linataja aina ya ugonjwa, lisiwepo kama jina la mtumaji. Majibu yasitumwe kwa WhatsApp ya mhudumu binafsi. Mhudumu akihama kazi, anaondoka na majibu ya watu mfukoni.

Sasa tueleze kwa nini hatukutaja idara wala tarehe. Mnatuomba tuandike maoni mtandaoni na kwenye sanduku, na tungependa kufanya hivyo. Lakini mtu hahitaji kuandika jina la ugonjwa ili aumbuke. Akiandika kwamba alikuja Alhamisi asubuhi, kwa daktari bingwa anayekuja Alhamisi tu, akakaa mpaka saa 8, yeyote aliyemwona kituoni siku hiyo ameshajua mambo mawili kwa mpigo. Picha ya risiti ina namba ya faili na jina la kipimo. Picha ya ukumbi wenye watu wengi ina sura za watu ambao hawakuombwa ruhusa.

Maoni yanayofaa yanafanana na haya: "Asubuhi ya siku ya kazi, mwezi huu. Kutoka kuchukua namba mpaka kuonana na daktari, kama saa 3 na nusu. Nilielezwa sababu mara moja, baada ya kuuliza. Baada ya maabara sikuambiwa majibu yatatoka saa ngapi. Mhudumu wa dirisha la dawa alieleza vizuri." Hapo uongozi una kila kitu unachohitaji kurekebisha: muda, hatua iliyokwama, habari iliyokosekana. Muda umekadiriwa kwa nusu saa kwa sababu dakika kamili inaweza kulinganishwa na daftari la mahudhurio. Sifa kwa mhudumu zimetolewa kwa dirisha lake. Andikeni maelekezo haya juu ya sanduku la maoni, na fomu yenu iache kuuliza namba ya faili. Anayetaka kujibiwa binafsi aache namba ya simu kwenye karatasi ya pili, itakayotenganishwa na ya kwanza.

Na ninyi mnavyojibu hadharani ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu mteja anaweza kusema yake lakini ninyi hamwezi kumsemea. Mtu akiandika mtandaoni kwamba alicheleweshwa, msijibu: "Tuliangalia faili lako, ulihitaji vipimo vya ziada ndiyo maana ulikaa." Mmethibitisha kwamba ni mgonjwa wenu, mmefungua faili lake kwa ajili ya mabishano, na mmetangaza kwamba alikuwa na vipimo. Marekani, mwaka 2019, kliniki moja ya meno ya Dallas ililipa dola 10,000 baada ya kutoa taarifa za wagonjwa katika majibu yake kwa maoni ya mtandaoni. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Jibu salama halithibitishi wala halikanushi: "Asante kwa maoni. Kwa mtu yeyote anayetembelea kituo chetu, muda wa kusubiri unaandikwa ubaoni kila nusu saa, na wiki hii tumeongeza tangazo la muda wa maabara. Ukipenda kuzungumza nasi, ofisi ya msimamizi iko wazi saa 3 hadi saa 9." Mhudumu mmoja aliyefundishwa ndiye ajibu, si yeyote mwenye neno la siri la ukurasa.

Tunaomba muanze na tikiti peke yake, kwa wiki mbili, kabla ya kubadilisha ratiba, ubao au kitu kingine chochote. Mkibadilisha vyote siku moja hamtajua kipi kimesaidia, na mhasibu atakapouliza habari za wale watu watatu hamtakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Baada ya wiki mbili wekeni ratiba ya watu 13 kwa daktari mmoja tu, mwingine aendelee na utaratibu wa zamani, mlinganishe tikiti ya katikati na ile ya tisa katika kila kumi. Wachache wetu wako tayari kuja jioni kusaidia kuzipanga tikiti hizo. Hazitakuwa na jina la mtu, kwa hiyo hakuna siri mtakayokuwa mmetupa.

Majibu yenu tunaomba yabandikwe ubaoni mapokezi, yasomwe na kila anayekaa pale.

Wenu,
Wateja wa kliniki, pamoja na waliowahi kufanya kazi za mapokezi, kumbukumbu na maabara
Dar es Salaam